Pakiti ya Sigara na Dampo la Hermosillo: Kanuni ya Serikali Huwa Utwaaji wa Mali Wakati Gani?

Mwenyekiti, walimu wangu, wanasheria wenzangu na wanafunzi, nawashukuru kwa nafasi hii, nami sitawachosha kwa utangulizi mrefu.

Mwezi Agosti 2008 Wizara ya Afya ya Umma ya Uruguay ilitoa amri namba 514, iliyoagiza kwamba kila jina la sigara liuzwe kwa sura moja tu. Ili kuelewa sababu yake ni lazima tujue kilichotangulia. Serikali ilikuwa imeshapiga marufuku maneno yanayomfanya mvutaji aamini kwamba sigara fulani ni nyepesi na haina madhara makubwa, na baada ya maneno hayo kuondoka zilibaki rangi, kwa hiyo pakiti ya dhahabu au ya buluu iliendelea kumwambia mnunuzi kile ambacho maandishi hayakuruhusiwa tena kusema. Mwezi Juni 2009 ikafuata amri ya rais namba 287, iliyopandisha sehemu ya onyo la afya kutoka asilimia 50 hadi asilimia 80 ya uso wa mbele na wa nyuma wa pakiti. Kampuni ikaachiwa asilimia 20 ya kuweka nembo yake.

Mwaka 2010 kampuni mbili za Uswisi za kundi la Philip Morris, pamoja na kampuni yao tanzu ya Uruguay iitwayo Abal Hermanos, zilifungua madai katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia. Walitegemea mkataba wa uwekezaji ambao Uswisi na Uruguay zilitia saini mwaka 1988. Hakuna askari aliyeingia kiwandani, wala hisa hata moja haikuhamishwa. Hoja yao ilikuwa kwamba alama zao za biashara zilikuwa zimeuawa zikiwa bado mikononi mwao, na ndicho tunachokiita utwaaji usio wa moja kwa moja: hati ya umiliki inabaki na mwenyewe, lakini kiini cha mali kimeondolewa.

Swali la kwanza ambalo jopo la wasuluhishi hujiuliza katika shauri la namna hii ni la kiasi. Mwekezaji amepoteza nini, na amepoteza kwa kadiri gani? Kupungua kwa faida hakutoshi. Majopo mengi hudai kwamba mwekezaji awe amenyimwa sehemu kubwa mno ya thamani, matumizi au udhibiti wa uwekezaji wake, kiasi kwamba hali yake inafanana na ya mtu aliyenyang'anywa kabisa. Hapa ndipo wadai wa sigara walipojikwaa, na naomba tupaangalie kwa utulivu, kwa sababu mawakili wengi hukimbilia kujadili lengo la serikali kabla hawajauliza kama kuna mali iliyopotea.

Abal ilikuwa ikiuza aina 13 za sigara chini ya majina 6. Kwa sababu ya amri ya sura moja iliondoa sokoni aina 7. Mtu akizitazama aina hizo 7 peke yake ataona kifo kamili: Marlboro ya dhahabu, ya buluu na ya kijani hazikuuzwa tena, ikabaki nyekundu. Ukikata uwekezaji vipande vidogo vya kutosha, kila kanuni itakuwa utwaaji wa kipande fulani. Jopo likakataa kukata. Lilisema kipimo ni biashara ya Abal kwa ujumla wake, na biashara hiyo ilikuwa bado hai na yenye faida. Kuhusu onyo la asilimia 80, halikuona hata dalili ya awali ya utwaaji, kwa kuwa jina la Marlboro liliendelea kuonekana na kutambulikana katika asilimia 20 iliyobaki.

Palikuwa na swali jingine chini ya hilo, ambalo kwa maoni yangu ndilo zuri kuliko yote katika shauri hili: mwenye alama ya biashara anamiliki nini hasa? Jopo lilichunguza sheria ya Uruguay na mikataba ya kimataifa ya hakimiliki za viwandani, likahitimisha kwamba usajili wa alama humpa mwenyewe haki ya kuwazuia wengine wasiitumie sokoni. Haumpi haki kamili ya kuitumia yeye mwenyewe dhidi ya kanuni za serikali. Serikali haiwezi kutwaa haki ambayo mdai hakuwa nayo tangu mwanzo. Ndiyo maana wakili makini huanza na sheria ya nchi husika, kwani mkataba wa uwekezaji hulinda haki lakini kwa kawaida hauziundi.

Wenzetu wa Dar es Salaam watanikumbusha hapa shauri la City Water, nao watakuwa na haki, maana linatia ugumu katika kipimo hiki cha thamani. Kampuni hiyo, iliyokuwa na wawekezaji wa Biwater Gauff, ilianza kuendesha huduma ya maji mwaka 2003 na kufikia 2005 ilikuwa taabani kwa makosa yake yenyewe. Serikali ilitangaza hadharani mwisho wa mkataba kabla utaratibu wa mkataba haujakamilika, kisha tarehe 1 Juni 2005 ikachukua ofisi na kuwafukuza nchini viongozi wa kampuni. Katika tuzo yake, yaani uamuzi wake wa mwisho, ya Julai 2008 jopo liliona kwamba matendo hayo, yakijumlishwa, yalikuwa utwaaji, kwa sababu dola ilitumia mabavu yake ya kidola badala ya kusimama kama mshirika wa mkataba. Fidia ya fedha haikutolewa kabisa, kwa kuwa uwekezaji ulikuwa umeshakosa thamani. Basi haki inaweza kutwaliwa hata kama haina bei, ingawa ushindi wa namna hiyo hauwalipi mawakili.

Turudi Uruguay. Jopo lingeweza kuishia kwenye kiasi cha hasara, lakini liliendelea na swali la pili, la asili ya hatua yenyewe. Kifungu cha 5 cha mkataba ule hakikusema lolote kuhusu kanuni za afya. Jopo likakisoma pamoja na sheria ya kimila ya kimataifa, kama Mkataba wa Vienna wa sheria ya mikataba unavyoelekeza, na humo likakuta kanuni iliyokomaa kwamba dola ikitumia mamlaka yake ya kawaida ya kulinda jamii, kwa nia njema, bila ubaguzi na kwa uwiano, hasara inayompata mwekezaji si utwaaji na haidai fidia. Uruguay ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, unaotaka onyo lichukue angalau asilimia 30 na kushauri asilimia 50 au zaidi. Shirika hilo lenyewe liliwasilisha maoni yake mbele ya jopo. Tuzo ya tarehe 8 Julai 2016 iliyakataa madai yote, na wadai wakaamriwa kuilipa Uruguay dola milioni 7 za gharama.

Upande wa utwaaji wasuluhishi wote watatu walikubaliana. Mmoja wao, Gary Born, alitofautiana na wenzake katika mambo mengine mawili, likiwamo hili la sura moja, ambalo aliliona la kiholela na lisilokidhi wajibu wa kumtendea mwekezaji kwa haki. Wengi walijibu kwamba nchi yenye uwezo mdogo wa kitaalamu haihitaji kufanya utafiti wake yenyewe wakati ushahidi wa kimataifa umeshakusanywa. Nawaunga mkono, ingawa nakiri kwamba amri ile ya sura moja ilikuwa na kumbukumbu chache mno za maandalizi yake.

Je, ingekuwaje kama hasara ingekuwa kamili? Swali hilo lilijibiwa Meksiko. Kampuni ya Kihispania iitwayo Tecmed ilinunua kwa mnada mwaka 1996 dampo la taka hatarishi huko Las Víboras, karibu na mji wa Hermosillo. Leseni ilikuwa ya kuhuishwa kila mwaka. Tarehe 25 Novemba 1998 taasisi ya mazingira ilikataa kuihuisha na kuamuru dampo lifungwe. Ardhi iliyozikwa taka za aina hiyo haiwezi kugeuzwa shamba wala kiwanja cha nyumba, kwa hiyo thamani iliisha yote, tena kwa kudumu.

Kwa maneno, lengo la Meksiko lilikuwa sawa na la Uruguay: afya na mazingira. Jopo likachimba chini ya maneno. Makosa ya kampuni yalikuwepo, lakini mamlaka zenyewe zilikuwa zimekiri kwamba hayakuleta hatari ya papo kwa papo kwa afya ya watu, na adhabu yake ya kawaida ilikuwa faini. Kilichosukuma uamuzi kilikuwa zaidi shinikizo la wananchi waliotaka dampo liondoke karibu na mji, baada ya uongozi wa manispaa kubadilika. Kampuni ilikuwa imekubali kuhamia mahali pengine, mradi iruhusiwe kuendelea mpaka eneo jipya lipatikane. Jopo likapima mzigo aliotwishwa mwekezaji dhidi ya lengo lililotajwa, kwa mizani iliyoazimwa kutoka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, likaona haviwiani. Mwaka 2003 Meksiko iliamriwa kulipa dola milioni 5.5 na riba.

Binafsi mizani hiyo hunitia wasiwasi kidogo, kwa kuwa inawapa watu watatu wasiochaguliwa na yeyote nafasi ya kuamua kama hofu ya wakazi wa mji fulani ilikuwa kubwa vya kutosha. Hata hivyo mafaili ya mashauri haya mawili yanaonyesha tofauti inayoshikika. Amri ya Uruguay iliwahusu watengenezaji wote wa sigara, nayo ilishughulikia kasoro iliyotajwa. Uamuzi wa Meksiko ulimlenga mmoja, na sababu iliyoandikwa kwenye barua haikuwa sababu iliyokuwa ikizungumzwa mitaani. Anayeisaidia serikali kuandaa kanuni aulize mapema kama kumbukumbu za vikao zitasema lile lile litakalosemwa na wakili miaka 5 baadaye.

Kuhusu matarajio ya mwekezaji nitasema machache. Mwenye kuwekeza katika tumbaku, migodi au taka anajua kwamba anaingia kwenye uwanja wenye kanuni zinazobadilika. Matarajio hupata uzito pale serikali ilipompa yeye mahsusi ahadi kwamba kanuni fulani haitabadilika. Jopo la Methanex dhidi ya Marekani lilisisitiza jambo hilo mwaka 2005, lilipokataa madai yaliyotokana na California kupiga marufuku kemikali iliyokuwa ikichanganywa katika petroli.

Mikataba mipya imeanza kuandika vigezo hivi ndani yake yenyewe: athari za kiuchumi, matarajio ya mwekezaji na asili ya hatua. Huongeza kwamba kanuni zisizobagua zinazolinda afya na mazingira si utwaaji, isipokuwa katika hali chache za nadra. Mkataba wa biashara wa Kanada na Kolombia una maneno ya namna hiyo. Kampuni ya Eco Oro ilipozuiwa kuchimba dhahabu katika nyanda za juu za Santurbán, zinazohifadhi vyanzo vya maji, jopo liliamua kwa wingi wa kura mwaka 2021 kwamba hapakuwa na utwaaji, kwa kuwa Kolombia ilitumia mamlaka yake halali. Lakini wingi mwingine ndani ya jopo hilo hilo ukaona kwamba Kolombia ilikuwa imekiuka kiwango cha chini cha kumtendea mwekezaji, kwa jinsi ilivyoyumbayumba miaka mingi bila kuweka mpaka wa eneo lililozuiwa.