Kila Mtu na Akaunti Yake, Duka Likiwa Wazi

Mama zangu, baba zangu, ndugu wafanyabiashara wa Mwanga, Ujiji na Kibirizi, habari za mchana. Mwaliko ulisema nitazungumzia usalama wa kompyuta. Hilo ni pana mno kwa muda tulionao. Nina jambo moja tu, na wengine hapa mmeshanisikia nikilipigia kelele: biashara ya watu watano yenye akaunti moja ya Google, na nywila yake wote wanaijua, pamoja na waliokwisha kuacha kazi.

Daftari la madeni mnaliweka Google Sheets, na mnafanya vizuri. Bosi akiwa Kasulu anaona mauzo ya Kibirizi. Ila simu ya bosi, simu ya keshia, simu ya kijana wa stoo na kompyuta ya dukani zote zinaingia kwa jina la duka. Basi nisikilizeni kuhusu mama mmoja muuzaji wa dagaa kwa jumla. Mteja wake wa Uvinza alikuwa anadaiwa 1,840,000. Siku ya kulipa akaleta 184,000, na akaonyesha picha ya daftari aliyotumiwa na duka lenyewe. Kweli, daftari lilisema 184,000. Sifuri moja imepotea.

Google Sheets haisahau. Ukiwa kwenye kompyuta, bonyeza kisanduku kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua `Show edit history`, utaona nani alibadilisha, lini, na kabla yake kulikuwa na nini. Tukafungua. Tarehe ipo, saa ipo, ile 1,840,000 ya zamani ipo. Jina la aliyebadilisha: jina la duka. Tukashuka kisanduku kinachofuata: jina la duka. Daftari zima, miezi yote, mtu mmoja tu ameandika, na mtu huyo hayupo duniani. Huenda kidole kiliteleza tu kwenye kioo cha simu. Lakini macho yote yakaenda kwa binti wa kaunta, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mgeni pale. Hakuwa na cha kujitetea nacho. Akafungasha, akarudi kwao. Mpaka leo hakuna anayejua ni nani.

Najua kuna anayetaka kuniambia: sisi ni ndugu, tunaaminiana. Mzee wangu, ndiyo maana nakwambia. Yule binti angekuwa na akaunti yake, historia ingemsafisha kwa dakika moja. Jina kwenye daftari humlinda zaidi yule ambaye hakufanya. Na mwingine atasema, nikianza kubadilisha mambo haya kazi itasimama, wateja wako mlangoni. Hapo ndipo nataka tukae, kwa sababu kazi haisimami ukifuata mpangilio. Inasimama pale bosi anapoamka na hasira Jumatatu asubuhi, anabadilisha nywila, na saa tatu simu zote zinamkataa mtu kuingia huku gari la mzigo linasubiri.

Nywila inabadilishwa mwisho. Nyumba yenye mlango mmoja huwezi kuuziba mlango huo kabla hujatoboa mwingine. Kwa yule mama tulikwenda hivi.

Kwanza tukaingia `myaccount.google.com`, sehemu ya `Security`, tukatazama `Your devices`. Watu watano, vifaa vinane. Kimoja kilikuwa simu ambayo mwenyewe alishaiuza. Kingine cha kijana aliyeacha kazi. Hatukuvigusa bado, tuliviandika tu. Kisha tukatazama namba ya simu ya kurejesha akaunti, na hapo mama alikaa chini. Ilikuwa ya yule kijana. Laini tunasajili kwa alama za vidole, hivyo laini ile ni yake kisheria hata kama duka ndilo lililomnunulia. Angetaka, angebonyeza kwamba amesahau nywila, apokee msimbo wa uthibitisho, na duka zima lingekuwa lake. Piga `*106#` uone laini ipi imesajiliwa kwa kitambulisho chako, halafu uweke hiyo. Lifanyeni mapema, kwa sababu ukibadilisha namba hiyo Google inaweza kuendelea kutoa nafasi ya kutuma msimbo kwenye namba ya zamani kwa siku 7. Kwa hiyo namba ya kurejesha inatangulia, na nywila inafuata baada ya wiki kupita.

Ndani ya wiki hiyo ndipo watu wanahama. Kila mfanyakazi anahitaji akaunti ya Google ya kwake. Mtaniambia wafanyakazi wenu hawana. Wengi wanayo, maana simu janja ukitaka kuijazia programu kutoka Play Store lazima uingie na akaunti. Swali ni nani aliifungua. Mara nyingi ni fundi aliyemuuzia simu, kwa namba ya fundi na nywila ya fundi. Akaunti ya namna hiyo usiipe daftari lako la madeni. Mfungulie mpya, kwa namba yake mwenyewe, nywila achague yeye na wewe bosi usiijue. Ndiyo, usiijue. Ukiijua, mmerudi kulekule.

Kisha, kutoka akaunti ya duka, fungua daftari, bonyeza `Share`, andika anwani ya kila mmoja. Keshia mpe `Editor`. Wa stoo ambaye kazi yake ni kuangalia tu mzigo wa nani utoke, `Viewer` inamtosha. Na hapo chini hakikisha pameandikwa `Restricted`. Wengi kwa haraka wanaweka `Anyone with the link`, halafu kiungo kinazunguka WhatsApp, na historia inajaa watu wasio na jina. Hiyo ni mbaya kuliko mlikotoka.

Sasa tazameni: daftari ni lile lile, halijahamishwa, halijanakiliwa. Akaunti ya duka bado inafanya kazi kama jana. Hakuna aliyesimama. Tulianza na mtu mmoja tu, wa stoo, kwa sababu akikwama yeye mauzo hayakwami. Siku mbili yuko sawa, akafuata bosi mwenyewe, keshia akawa wa mwisho.

Na hapa kuna mtego ambao karibu kila duka linaingia. Simu ya mtu sasa ina akaunti mbili, ya duka na yake. Anafungua Sheets, programu inamfungulia kwa ile aliyoizoea, ya duka. Anaandika siku nzima akiamini amehama, kumbe bado. Ukimuuliza atakuapia kwamba amehama. Usimuulize. Nenda kwenye kompyuta, `File`, kisha `Version history`, kisha `See version history`, usome majina ya jana. Jina la duka likiwepo bado, kuna mtu yuko mlango wa zamani. Dawa ni kuiondoa akaunti ya duka kwenye simu hiyo.

Lakini msikimbilie kuiondoa! Nimeona watu wakilia kwa hili. Ukiondoa akaunti ya Google kwenye simu ya Android, namba za wateja zilizohifadhiwa kwenye akaunti hiyo zinaondoka nayo kwenye simu. Hazijafutika, ziko `contacts.google.com`, ila keshia anayetaka kumpigia mteja wa Tabora asubuhi hiyo hana namba. Basi kwanza ingia hapo kwa kompyuta, bonyeza `Export`, chukua faili, liingize kwenye akaunti ya keshia. Pili, nakala ya WhatsApp. Kama simu ya duka inahifadhi nakala ya mazungumzo kwenye akaunti ile, fungua mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya nakala ya mazungumzo, uchague akaunti nyingine, halafu upige nakala mpya palepale. Tatu, mtandao. Mtu aliyekuwa ufukweni Kibirizi akaandika bila mtandao, maandishi yake bado yako ndani ya simu hayajapanda. Ukiondoa akaunti kabla hayajapanda, yamekwenda. Mrudishe penye mtandao, fungua daftari kwenye kompyuta, uone mistari yake imefika, ndipo uondoe.

Tulipoona siku kadhaa zimepita na jina la duka halionekani tena kwenye historia, tukachagua siku ya nywila. Biashara ya dagaa ina faida moja: wakati wa mbalamwezi taa za wavuvi hazivuti samaki, boti zinapumzika, na mzigo unapungua. Tulichagua usiku wa mbalamwezi, baada ya kufunga hesabu. Jioni, wala si asubuhi, ili kama kuna kilichosahaulika tuwe na usiku mzima wa kukitafuta. Kilikuwepo. Kompyuta ya dukani ilikuwa na programu ya barua pepe iliyounganishwa na akaunti ya duka, na nywila ilipobadilika ikatolewa nje. Barua za wasambazaji zikaacha kuingia. Tukairekebisha saa mbili usiku, mteja hakujua.

Msidhani kubadilisha nywila kunafukuza kila mtu. Kifaa unachotumia kuthibitisha kwamba ni wewe kinabaki, na baadhi ya programu za nje ulizoziruhusu zinabaki. Kwa hiyo rudi `Your devices` na ile orodha uliyoiandika, utoe kimoja kimoja. Simu iliyouzwa, toka. Simu ya kijana, toka. Halafu washa `2-Step Verification`, ulinzi unaodai msimbo juu ya nywila, uchukue ile misimbo 10 ya akiba, kila mmoja unatumika mara moja, uichapishe na kuifungia kabatini na hati za duka. Mkiiwasha hii mapema, wakati watano bado wanatumia akaunti moja, msimbo utakwenda kwenye simu ya bosi na bosi yuko njiani Kibondo hana mtandao. Hapo ndipo kazi husimama kweli.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Akaunti ya duka msiifute, maana mafaili yake yote yanafutika nayo. Ibaki mikononi mwa mwenye duka peke yake, kama mmiliki wa madaftari. Daftari jipya likihitajika, alifungue yeye na kuwashirikisha wengine, kwa sababu faili huwa mali ya akaunti iliyolifungua, hata likiwekwa kwenye folda ya pamoja. Mfanyakazi akiondoka, unamtoa kwenye `Share`, na wengine hawahisi kitu.

Nilitaka kugusa pia namba za siri za wakala wa pesa za simu na mashine za risiti, muda hautoshi. Mwenye simu yenye akaunti ya duka aje hapa mbele sasa, tufungue `Your devices` pamoja. Na kabla ya hapo apige `*106#`.