Umekatwa Mara Mbili kwa Oda Moja: Tafuta Kodi Yatima

Hamjambo wote, asanteni kwa kufika, najua wengine mmetoka mbali hadi Nyamasaria.

Niwape kisa cha dada mmoja wa hapa Kisumu. Ameagiza jiko la gesi mtandaoni, shilingi 3,450, ile meseji ya kuweka PIN ikajitokeza kwenye simu, akaweka, lakini ukurasa wa duka ukabaki unazunguka tu. Akadhani imekataa, akabonyeza kulipa tena, akaweka PIN tena. Meseji ya kwanza ya M-Pesa inasema 7:42 PM, ya pili 7:44 PM, na zote zimeingia pamoja baadaye.

Sasa angalieni kodi ya muamala, zile herufi na namba, jumla 10, mwanzoni mwa meseji. Kama kodi ni moja na meseji ndiyo imekuja mara mbili, pesa imetoka mara moja. Kodi zikitofautiana, umelipa mara mbili kweli. Hakikisha kwa *334#, ingia My Account, uombe mini statement, na uangalie pia kama ile ya pili imelipwa na mkopo wa Fuliza, maana hapo ada inaendelea kukula.

Huyu dada alipiga simu dukani, kijana akafungua oda, akamwambia mama, hapa naona malipo moja tu. Na hakuwa anadanganya! Pesa ya kwanza iliingia kwa tili, lakini jibu la kwenda kwa mfumo wa duka likachelewa au likapotea, kwa hivyo oda ikafungwa na kodi ya pili. Ile ya kwanza imebaki yatima, iko kwa stetimenti ya tili lakini haina oda. Ukiendelea kubishana juu ya namba ya oda mtakesha hapo.

Mwambie hivi: niandikie kodi iliyoshikana na oda yangu, halafu tafuta hii ingine kwa stetimenti ya tili. Mtumie zote mbili kama maandishi, si skrinshoti pekee, ndio aweze kukopi na kutafuta. Kisha irudishwe ile yatima. Wengi mnakimbilia kufowadi meseji kwa 456 ili pesa irudishwe, kabla ya kuuliza, na ukichagua ile iliyoshikana na oda, duka linaona hujalipa, jiko halitoki, na nyinyi wawili mnaanza upya.

Kwa kadi ni tofauti kidogo, moja ya hizo mbili mara nyingi imeandikwa pending, yaani benki imeshikilia tu, na huwa inaachiliwa yenyewe baada ya siku kadhaa. Zote mbili zikishakatwa kabisa, hapo ndio unapeleka malalamiko kwa benki yako, na tarehe na kiasi cha zote mbili.

Na tafadhali, mtu akikupigia akisema anarudisha pesa kisha anaomba PIN, kata simu. Pesa ikirudishwa inaingia tu, na meseji ya M-Pesa inakuja. Ya huyu dada iliingia siku ya pili, 3,450 kamili, na jiko likafika.