Ukurasa Mmoja, Alama Tatu Tofauti
Mhadhara kwa walimu wa hisabati wa kidato cha tano na cha sita, Tanga

Waheshimiwa walimu wenzangu, wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili katika vikao vya usahihishaji, na nitalisema tena leo kwa sababu bado sijaliona likitendeka. Sitaeleza kanuni ya mnyororo, kwa kuwa kila aliyemo humu ukumbini anaifundisha kila mwaka. Nataka tutazame ukurasa mmoja tu wa mtahiniwa, ambao ulipita mikononi mwa wasahihishaji watatu, nikiwa mmoja wao, ukapata alama 1, kisha 6, kisha 4, zote kati ya 10.

Swali lilikuwa fupi. Mtahiniwa alipewa y = (x² − 4)³, akatakiwa atafute nukta tuli zote, yaani mahali ambapo mteremko wa grafu ni sifuri, kisha abainishe kila moja kama ni ya juu, ya chini au ya mpindo. Mwongozo ulitoa alama 3 kwa kudiferenshieti, mojawapo ikiwa ya kushusha kipeo cha nje, ya pili ya kuzidisha kwa mteremko wa kilichomo ndani ya mabano, na ya tatu ya jibu kamili 6x(x² − 4)². Kuweka jibu hilo sawa na sifuri kulikuwa na alama 1, thamani za x alama 2, thamani za y alama 1, na kubainisha nukta alama 3, moja kwa kila nukta, ikiambatana na sababu.

Mtahiniwa aliandika dy/dx = 3(x² − 4)². Ile 2x ya ndani aliisahau. Akaweka sawa na sifuri, akapata x = 2 na x = −2, akarudi kwenye fanksheni ya mwanzo na kupata y = 0 kwa zote mbili. Kisha akadiferenshieti mara ya pili, na hapa naomba mtazame kwa makini, kwa maana aliandika d²y/dx² = 6(x² − 4)·2x. Safari hii 2x ipo. Akaingiza 2 na −2, akapata sifuri mara zote mbili, akahitimisha: ‘kwa hiyo ni nukta za mpindo’.

Msahihishaji wa kwanza alitoa alama ya kipeo cha nje, akapiga mstari mwekundu kuanzia hapo hadi chini ya ukurasa. Hoja yake ni kwamba msingi ukishapinda, ukuta hauwezi kunyooka. Nimeijibu hoja hii mara nyingi na nitaijibu tena. Mwongozo hautoi alama kwa ukuta mzima. Unatoa alama kwa kila tofali. Kuweka dy/dx sawa na sifuri ni uamuzi wa peke yake, na kijana aliufanya. Kurudi kwenye y badala ya kuingiza thamani za x katika dy/dx ni uamuzi mwingine, na wengi hukosea hapo, yeye hakukosea. Kosa moja ameshalipia kwa alama mbili za mwanzo, na ukimtoza tena kila mstari unaofuata, unamwadhibu mara tano kwa 2x moja, ambayo mstari wa d²y/dx² unaonyesha wazi kwamba anaijua. Hata hivyo kosa lake lilimrahisishia kazi, kwa sababu ilipopotea 2x ilipotea pia x = 0, ambayo ndiyo nukta ya chini kabisa, (0, −64). Kwa hiyo katika thamani za x nilimpa alama 1 kati ya 2, nikampa ya kuweka sawa na sifuri na ya y, na pamoja na ile ya kipeo zikawa 4.

Mtauliza: mbona umemnyima alama za kubainisha, ilhali jibu lake ni sahihi? Ni kweli kwamba katika fanksheni hii x = 2 na x = −2 ni nukta za mpindo. Msahihishaji wa pili alisimama hapo, akatoa alama 2, zikawa 6. Mimi siwezi, na hili ndilo lililonileta mbele yenu.

Mtahiniwa anasema d²y/dx² ni sifuri, kwa hiyo ni mpindo. Badilisheni kipeo peke yake, muandike y = (x² − 4)⁴. Sasa dy/dx ni 8x(x² − 4)³, na d²y/dx² bado ni sifuri kwa x = 2 na x = −2, kwa kuwa kila sehemu yake inabaki na (x² − 4). Lakini kipeo cha nne hakitoi namba hasi kamwe, na hapo y ni sifuri. Basi nukta zote mbili ni za chini. Hoja ile ile, neno kwa neno, sasa inatoa jibu la uongo mara mbili. Sifuri ya d²y/dx² maana yake ni kwamba kipimo hicho kimenyamaza, na mwanafunzi anatakiwa atafute kipimo kingine.

Kipimo hicho ni alama ya mteremko pande zote mbili za nukta. Katika swali letu, x = 1 inatoa dy/dx ya 54, na x = 3 inatoa 450. Zote ni chanya: grafu inapanda, inatulia kidogo pale x = 2, kisha inaendelea kupanda, kama mtu anayepanda barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto akakuta kipande tambarare katikati ya mlima. Upande wa pili, x = −3 inatoa −450 na x = −1 inatoa −54, inashuka kabla na baada. Hata kwa dy/dx yake yenye kosa angepata 27 na 75, angeandika ‘haibadiliki alama, ni mpindo’, nami ningempa alama mbili bila kusita, kwa kuwa angekuwa ametoa sababu.

Halafu, kosa lake lingeweza kugunduliwa na yeye mwenyewe kwa sekunde kumi. Mabano yakifunguliwa, kipeo kikubwa kabisa ni x⁶, hivyo mteremko lazima uwe na x⁵. Wa kwake unaishia x⁴. Tena grafu inalingana kushoto na kulia kwa kuwa x imo kwa umbo la x² tu, kwa hiyo mteremko wa x = −1 lazima uwe kinyume cha ule wa x = 1. Wa kwake ni 27 pande zote mbili. Mambo haya mawili yafundishwe darasani kabla ya swali lolote la mtihani wa zamani.

Nilikusudia kuzungumzia pia maswali ya ujazo wa matangi, ila muda umekwisha. Niseme moja tu kuhusu jedwali la alama za mteremko, chanya na hasi: thamani za kupimia zisiruke nukta tuli nyingine. Katika ile ya kipeo cha nne, anayepima x = 0 kwa kutumia −3 na 3 anapata −3000 na 3000, anaandika nukta ya chini, kumbe y hapo ni 256 na ni nukta ya juu. Karatasi mnazopewa sasa zina kurasa mbili za namna hiyo. Naomba kila mmoja asahihishe kwa kalamu yake bila kumtazama jirani, kisha tulinganishe.