Hasara ya Kwacha: Ipi Imetoka Mfukoni, Ipi Iko Vitabuni?

Ndugu zangu wahasibu, nimelisema hili mara nyingi hapa Dar es Salaam na leo nalirudia, kwa sababu bado naona bodi zinalipa fedha taslimu kuzuia hasara ya kwenye karatasi.

Tuchukue kampuni ya mfano. Kampuni mama iko Chang'ombe, inasafisha mafuta ya kula. Kampuni tanzu iko Lilongwe, inayafungasha na kuyauza kwa kwacha. Septemba 2023 mama anamtumia tanzu ankara ya dola 100,000, ilipwe kwa siku 30. Tuseme dola moja ilikuwa kwacha 1,180, kwa hiyo Lilongwe wakatenga kwacha milioni 118, wakaziweka benki na kujaza fomu ya kuomba dola. Benki ikawajibu: subirini, dola hakuna. Wakasubiri. Novemba Benki Kuu ya Malawi ikashusha thamani ya sarafu, dola ikafika karibu kwacha 1,700. Deni lilelile sasa linataka milioni 170.

Hizo milioni 52 za ziada ni fedha halisi. Lazima zitoke kwenye mauzo. Hii ndiyo hatari ya muamala: umeshakubaliana bei, hujalipa, na sarafu inasogea katikati.

Najua mtaniambia: mama na tanzu ni kitu kimoja, deni la ndani linafutwa kwenye hesabu za kundi. Deni linafutwa, kweli. Hasara ya kubadilisha fedha haifutwi! Inabaki kwenye faida na hasara ya kundi, kwa sababu kundi lilikuwa limeshika kwacha huku ahadi yake ikiwa ya dola. Isipokuwa kama deni lile halikusudiwi kulipwa siku za karibuni. Hilo linahesabiwa kama sehemu ya uwekezaji wa mama. Ankara ya siku 30 haimo humo.

Sasa weka deni hilo pembeni. Tuseme tanzu, ukitoa madeni yake yote, inabaki na mali ya kwacha milioni 590. Mama anaandika hesabu zake kwa shilingi, tuseme 2,500 kwa dola. Kabla ya Novemba mali hiyo ilisomeka shilingi bilioni 1.25. Baadaye inasomeka kama milioni 868. Zimepotea milioni 382, lakini nendeni Lilongwe mkaangalie: mashine ni zilezile, ghala ni lilelile, hakuna aliyetoa hata senti. Hii ni hatari ya ugeuzaji wa hesabu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 21 kinaiweka kwenye akiba maalumu ndani ya mtaji, nje ya faida ya mwaka, na inakaa humo mpaka siku mama atakapoiuza tanzu.

Niliwahi kuitwa na kampuni moja ambayo bodi yake iliona tarakimu ya namna hii ikashtuka. Ikaagiza tanzu yake ya Malawi ikope kwacha, inunue dola, izitume Dar, ili mali iliyobaki kwenye kwacha ipungue. Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa. Lakini riba ya Benki Kuu kule ilikuwa asilimia 24, na benki za biashara zinatoza juu ya hapo. Mkopo ukapatikana, dola hazikupatikana. Nilishika taarifa ya benki mkononi: kwacha za mkopo zimelala kwenye akaunti, na kila mwezi mstari wa riba. Mali imeongezeka, deni limeongezeka kiasi kilekile, tofauti haijasogea. Riba ndiyo iliyolipwa kweli, kuzuia hasara ambayo haikuwa na mlipwaji.

Muda umenibana, na iliyobaki ndiyo kubwa kuliko zote. Twende dukani Lilongwe. Chupa yetu ya lita moja gharama yake ni ya dola. Jirani yake rafuni ni mafuta ya soya iliyolimwa Malawi, gharama zake nyingi ni za kwacha. Sisi tunapandisha bei, yeye anapandisha kidogo, mteja anahama. Hasara hiyo haina ankara wala tarehe ya kulipwa, na inaweza kudumu miaka. Ndiyo hatari ya kiuchumi.

Na msidhani inawahusu wenye tanzu tu. Mwanzoni mwa 2024 shilingi ya Kenya ilifika 160 kwa dola. Kiwanda cha Arusha kinachonunua na kuuza kwa shilingi yetu peke yake kiliweza kukuta bidhaa za Kenya zimekuwa rahisi sokoni kwake. Mkaguzi akifungua vitabu vyake haoni mstari hata mmoja wa fedha za kigeni. Aombe idadi ya katoni zilizouzwa kila mwezi, aiweke kando ya bei ya mshindani wa Namanga. Hapo ataiona.

Ndiyo, dada yangu pale nyuma, uliza.