Zamu ya Abiya na Tarehe 25 Desemba

Mazungumzo na walimu wa Shule ya Jumapili na wanakwaya, Dodoma, Jumamosi ya kuamkia Majilio

Bwana asifiwe sana. Baba mchungaji, wazee wa kanisa, mama zangu na vijana, naona na jirani zetu Wakatoliki na Wasabato wamekuja. Karibuni sana. Swali nililopewa ni hili: nani aliyetuambia Yesu alizaliwa Desemba 25?

Mathayo na Luka hawakutaja siku wala mwezi. Wakristo wa karne mbili za mwanzo walishika Pasaka. Sikukuu ya kuzaliwa hatuisikii kwao. Origene wa Aleksandria alisema kwamba katika Maandiko wanaofanyiwa karamu za kuzaliwa ni watu kama Farao na Herode. Kwa hiyo anayekataa Krismasi leo asidhaniwe kaleta jambo geni.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi unatoka Roma. Kuna kitabu cha kalenda kilichokusanywa mwaka 354, na ndani yake mna orodha ya siku za mashahidi iliyoandikwa mwaka 336. Orodha hiyo inaanzia Desemba 25: Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Yuda. Kitabu hicho hicho, kwenye sehemu ya kalenda ya serikali, kinaonyesha siku hiyo hiyo michezo ya kuzaliwa kwa Jua Lisiloshindwa. Hapo ndipo watu wanaposema kanisa lilibatiza sikukuu ya wapagani. Ni kweli Kaisari Aureliano alilijengea jua hekalu mwaka 274. Lakini sikukuu ya jua ya Desemba 25 yenyewe haina ushahidi wa zamani kuliko kitabu hicho. Nani alimtangulia mwenzake, kitabu hicho hakisemi.

Maelezo ya pili ni ya hesabu, na mimi nayaona yana nguvu zaidi. Mwaka 200 hivi, Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini, aliandika kwamba Bwana aliteswa Machi 25. Baadaye Agostino wa Hipo, naye Mwafrika, akaeleza kwamba siku ile ile ya kuteswa ndiyo aliyotungwa mimba. Ukitoka Machi 25 ukahesabu miezi tisa unafika Desemba 25. Mashariki kulikuwa na waliohesabu mateso kuwa Aprili 6. Ongeza tisa, unapata Januari 6, siku ambayo Kanisa la Armenia linaadhimisha kuzaliwa kwa Bwana hadi leo. Tofauti ya tarehe za kuzaliwa ni ile ile ya tarehe za mateso, na kwa hoja ya sikukuu ya jua peke yake hilo ni gumu kulieleza.

Sasa fungueni Luka sura ya kwanza, kwa sababu hapa ndipo mabishano ya mitaani yanapoanzia. Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, alikuwa kuhani wa zamu ya Abiya, moja ya makundi ya makuhani yaliyopokezana kuhudumu hekaluni. Alipotoka hekaluni, mkewe Elisabeti akachukua mimba, na katika mwezi wake wa sita malaika akamjia Mariamu. Yohana Krisostomo, mhubiri wa kale, alihubiri hivi Antiokia mwaka 386: Zakaria aliingia hekaluni Siku ya Upatanisho, mwezi wa Septemba. Elisabeti akachukua mimba mwishoni mwa Septemba. Miezi sita mbele ni Machi, Mariamu akapata mimba. Miezi tisa mbele, Desemba. Hesabu imefunga vizuri kabisa.

Shida ni kwamba Siku ya Upatanisho anayeingia patakatifu pa patakatifu ni kuhani mkuu, naye Zakaria hakuwa kuhani mkuu. Luka anasema kura ilimwangukia kufukiza uvumba, kazi ya kila siku ya kuhani aliye zamuni.

Ndugu wasioshika Krismasi wanaichukua aya hiyo hiyo. Wanakwenda 1 Nyakati 24, wanaona zamu ni 24 na Abiya ni wa nane, kila zamu wiki moja, mara mbili kwa mwaka. Wakianza kuhesabu Nisani, mwezi wa Pasaka, na kuruka wiki za sikukuu ambazo makuhani wote walihudumu pamoja, wanafika mwanzoni mwa Juni. Juni ongeza sita ni Desemba, ongeza tisa ni Septemba. Wanatangaza kwamba Yesu alizaliwa Septemba, kwenye Sikukuu ya Vibanda. Nayo imefunga vizuri! Lakini Abiya alikuwa na zamu nyingine, karibu nusu mwaka baadaye. Anzia hiyo na mtoto atazaliwa Februari au Machi. Luka hakusema ni zamu ipi, wala hakuna hakika kwamba mzunguko ulianza upya kila Nisani. Mtu akikuletea tarehe kamili kutoka aya hii, mwulize tu: umeanzia zamu ipi?

Halafu kuna wachungaji wa makondeni. Tunaambiwa Desemba Bethlehemu ni baridi na mvua, kondoo wasingekuwa nje usiku. Nilimweleza hoja hiyo mzee mmoja wa Kigogo mwenye ng'ombe kule Chamwino, akacheka. Akaniuliza, mvua ikinyesha ndipo mifugo inafungiwa? Kwetu hapa mvua za Desemba ndizo zinazoleta majani. Na nyika ya Yudea, mashariki ya Bethlehemu, hukauka kiangazi na kuota majani wakati wa mvua za baridi. Hoja ya wachungaji haithibitishi Desemba, ila haiifuti pia.

Majilio nitayapitia haraka, maana mnayaishi. Yanaanza Jumapili iliyo karibu zaidi na Novemba 30, kwa hiyo huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Jumapili ni nne daima, lakini siku hazilingani: Krismasi ikiwa Jumapili mnapata siku 28, ikiwa Jumatatu mnapata 22. Mwaka 2023 ilikuwa Jumatatu. Asubuhi ya Desemba 24 tulisali Jumapili ya nne na vitambaa vya zambarau, na jioni ile ile akina mama wakawa wanatandika vyeupe kwa mkesha, wengine hawajala cha mchana. Masomo ya mwanzo yanahusu kurudi kwa Bwana. Habari za Mariamu na Yohana Mbatizaji husogea mbele kadiri siku inavyokaribia. Ndiyo maana mimi siungi mkono kwaya kuanza nyimbo za horini Jumapili ya kwanza. Najua hapo nimewaudhi wengine.

Wasioadhimisha hawana sababu moja. Wapuritani wa Uingereza walishika kanuni kwamba ibada isiyoamriwa na Neno haifai, na Bunge likaifuta sikukuu mwaka 1647. Sisi Waanglikana tukumbuke ilikuwa nchini kwa kanisa letu mama. Massachusetts, Amerika, mwaka 1659, aliyekamatwa akiadhimisha alilipa faini ya shilingi tano. Mashahidi wa Yehova waliiadhimisha makao yao makuu ya Brooklyn hadi 1926, kisha wakaacha; wanasema Yesu aliamuru ukumbusho wa kifo chake, si wa kuzaliwa, na wanaona desturi zake zina asili ya kipagani.

Wasabato, nao wako hapa wanisahihishe, hawaihesabu kuwa siku takatifu. Kwao siku takatifu ni Sabato. Lakini kanisa lao halikatazi. Ndiyo maana mtaa huu utamkuta Msabato aliyealika watu kula pilau Desemba 25, na mtaa wa pili mwingine yuko shambani anapanda uwele kwa sababu mvua imekuja. Wote wawili wanaweza kukusomea Warumi 14:5: "Mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa."

Haya, maswali. Tuanze na mama pale nyuma.