Rifreshi ya Jumatatu, samaki wa Ijumaa

Haya jamani, wa huko nyuma sogeeni mbele, feni ni hii moja tu na joto la Tanga mnalijua.

Hii hapa ni dashibodi ya samaki wanaoshushwa kwenye mialo ya Deep Sea, Sahare na Kigombe, nimeitengeneza mwenyewe kwa hiyo kosa ni langu. Juu pale niliandika "Imesasishwa leo saa 12 asubuhi". Jumatatu moja bosi kafungua, kaona Jumamosi na Jumapili kwa Kigombe ni sifuri, akasema basi wavuvi hawajatoka, akapunguza oda ya barafu. Kumbe watu walivua tena sana tu, ila karani wa kule hakupakia faili wikendi nzima, na rifreshi yenyewe ilipita vizuri kabisa, ikasoma faili lilelile la Ijumaa, haikulalamika kwa sababu kwa upande wake hakuna kilichoharibika.

Muuza samaki akikwambia "huyu nimemtoa kwenye friji sasa hivi", hajakwambia alivuliwa lini. Rifreshi ndo friji. Siku ya kuvuliwa unaitafuta ndani ya data yenyewe.

Sasa wengi mtachukua tarehe kubwa kuliko zote mseme tumemaliza. Hapana. Wiki ile data ya Deep Sea ilifikia Jumapili, ya Sahare Jumamosi, ya Kigombe Ijumaa, ukichukua kubwa unapata Jumapili na bosi anadanganyika vilevile. Chukua ya mwisho ya kila mwalo, halafu katika hizo chagua ya nyuma zaidi:

```sql
SELECT MIN(mwisho) FROM (
  SELECT mwalo, MAX(tarehe) AS mwisho
  FROM mapokezi
  WHERE tarehe <= CURRENT_DATE
  GROUP BY mwalo
) t;
```

Ule mstari wa WHERE usiudharau, karani akikosea akaandika 2052 badala ya 2025 mwalo wake unaruka miaka 27 mbele, na hata ukichelewa lebo yako haitaonyesha. Na siku ambayo kweli hakuna aliyetoka, kusi imechafuka, karani aandike sifuri yake apakie, asiache tupu, maana ukiacha tupu hatujui ni bahari au ni yeye. Mwalo ambao haujaleta chochote tangu mwanzo hiyo kwari haiuoni kabisa, huo uwe na orodha yake pembeni.

Kwa hiyo sasa naandika mistari miwili, "Data hadi: Ijumaa" kwa herufi kubwa, chini yake kwa ndogo "Rifreshi: Jumatatu saa 12 asubuhi".

Dada pale anauliza mbona ya kwake inaonyesha 03:00. Hiyo ni UTC, seva iko nyuma yetu masaa matatu, ongeza 3 kabla ya kuonyesha. Mzee mmoja ofisini aliiona hiyo 03:00 akaisoma saa tatu asubuhi, wakati ilikuwa bado saa mbili, akaniuliza data ya saa ijayo nimeipata wapi.