Ghala la Java Linapojaa: Kupanga Memori ya Gradle kwenye Kipakatalishi Kidogo

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote mliofika hapa Tudor baada ya kazi. Nashukuru kwa nafasi hii. Jioni ya leo nitazungumzia ujumbe mmoja tu wa kosa, ambao wengi wenu mmekutana nao mnapojenga programu za Android kwenye vipakatalishi vya gigabaiti 8 au pungufu. Ujumbe wenyewe husomeka hivi:

```
Execution failed for task ':app:minifyReleaseWithR8'.
> Java heap space
```

Nimeuchukua kutoka kwa kijana mmoja wa Kisauni aliyeniletea kipakatalishi chake mwezi uliopita. Alikuwa akiandika programu ya kuwekea hesabu za mauzo kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kongowea, na kila alipojenga toleo la majaribio kazi ilikamilika bila tatizo, lakini alipojenga toleo la kumkabidhi mteja, ujenzi ulikufa katika hatua ile ile ya R8, ambayo husoma msimbo wote wa programu pamoja na maktaba zake ili kuondoa usiotumika na kuupunguza unaobaki. Hatua hiyo inahitaji kuiona programu nzima kwa pamoja, na ndiyo maana inakula memori kuliko hatua nyingine karibu zote.

Neno «heap» katika ujumbe huo nitaliita ghala. Kila mchakato wa Java una ghala lake, ambamo vitu vyote vinavyoundwa na programu huwekwa, na ghala hilo lina kikomo kilichotangazwa mapema kwa alama ya `-Xmx`. Mzoa taka wa Java hupita mara kwa mara akiondoa vitu visivyotumiwa tena na mtu yeyote. Ghala likijaa, na mzoa taka akawa amepita bila kupata cha kutosha kuondoa, mchakato hutoa kosa hilo. Angalieni kwamba hapa memori ya kompyuta haijaisha hata kidogo. Kilichoisha ni nafasi ndani ya kikomo ambacho sisi wenyewe, au waandishi wa Gradle, tulikiweka. Gradle isipoambiwa lolote hukipa kikomo cha megabaiti 512 tu kile kitumishi chake cha nyuma, yaani mchakato unaojitambulisha kwa jina la `GradleDaemon`, ambao ndio unaofanya kazi halisi ya ujenzi na kubaki hai ukisubiri kazi inayofuata.

Mradi wa kijana huyu ulikuwa na kikomo cha gigabaiti 1. Alipoona kosa, alifanya jambo ambalo karibu kila mtu hulifanya: alibadilisha 1 ikawa 5. Kipakatalishi kikaanza kukwama, mshale wa kipanya ukawa unaruka, diski ikafanya kazi bila kupumzika, na baada ya dakika kadhaa ukatokea ujumbe mwingine kabisa:

```
Gradle build daemon disappeared unexpectedly
(it may have been killed or may have crashed)
```

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu makosa haya mawili huchanganywa sana ilhali yanaelekea pande mbili zinazopingana. La kwanza linasema kikomo ni kidogo mno. La pili, katika hali kama hii, linasema kikomo ni kikubwa mno kuliko mashine. Kijana yule alikuwa anatumia Ubuntu, nasi tulipoandika `sudo dmesg` na kusoma mistari ya mwisho tulikuta maneno `Out of memory: Killed process` yakifuatwa na neno `java`. Kiini cha Linux kiliona memori yote imekwisha, kikatafuta mchakato mnene kuliko yote, kikauua. Gradle haikupewa hata nafasi ya kueleza kilichotokea, na kumwongezea kijana huyu kikomo hadi 6 kusingemsaidia.

Swali la haki ni hili: mashine ina gigabaiti 8, kikomo ni 5, mbona imezama? Jibu ni kwamba ile 5 haikuwa moja. Kitumishi cha Gradle ni mchakato mmoja, lakini msimbo wa Kotlin hukusanywa na mchakato wa pili, `KotlinCompileDaemon`, nao usipopewa kikomo chake wenyewe hurithi kile cha Gradle. Kwa hiyo kijana alikuwa ametoa ruhusa ya gigabaiti 10 kwa mstari mmoja. Mchakato wa tatu ni Android Studio yenyewe, ambayo nayo ni programu ya Java yenye ghala lake. Isitoshe, `-Xmx` hupima ghala peke yake. Nje ya ghala kuna maelezo ya madarasa ya msimbo, nyuzi za utekelezaji, msimbo uliokwisha tafsiriwa na daftari za mzoa taka mwenyewe. Mimi hukadiria theluthi moja ya ziada juu ya kikomo, na kwa miradi ya kawaida makadirio hayo hayajaniangusha.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa urahisi. Mzoa taka hana haraka anapoona kikomo kiko mbali. Akipewa gigabaiti 5, ataacha taka zirundikane kwa sababu nafasi bado ipo, ingawa kazi yenyewe ingetosha kwenye gigabaiti 2. Kwenye seva kubwa hilo ni zuri. Kwenye kipakatalishi chetu taka hizo zinakalia memori ambayo Studio na kivinjari vinaihitaji, kisha zinasukumwa kwenye diski, na hapo ndipo mshale unapoanza kuruka.

Basi tunakijuaje kikomo kinachofaa? Tusikisie, tumwombe mzoa taka aandike kumbukumbu ya kazi yake. Tulirudisha kikomo kwenye gigabaiti 1 na kuongeza alama moja katika faili la `gradle.properties`:

```
org.gradle.jvmargs=-Xmx1g -Xlog:gc:file=/tmp/gc-%p.log
```

Alama hii inahitaji Java 9 au ya baadaye, na `%p` huwekwa ili kila mchakato uandike katika faili lenye namba yake. Ujenzi ulipokufa, faili lilikuwa limejaa mistari ya namna hii:

```
GC(88) Pause Full (G1 Compaction Pause) 1021M->1006M(1024M) 1630.114ms
```

Mstari huu unasomwa hivi: kabla ya kuzoa, ghala lilikuwa na megabaiti 1021, baada ya kuzoa kila kona, zilibaki 1006, ukubwa wa ghala ni 1024, na kazi yote ilisimama kwa zaidi ya sekunde moja na nusu. Namba ya katikati ndiyo ya kuangaliwa. Mzoa taka amefanya uzoaji kamili na kuokoa megabaiti 15 tu, maana yake vyote vilivyobaki vinatumika kweli. Huo ndio ushahidi kwamba kikomo ni kidogo. Kama namba ya katikati ingeshuka hadi 400, ningetafuta sababu kwingine.

Tukapandisha hadi gigabaiti 2 na kujenga tena. Ujenzi ulikamilika, na katika faili jipya namba ya katikati iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa karibu 1350. Kikomo cha megabaiti 2048 kiliacha theluthi moja wazi kwa ajili ya vitu vya kupita, nami nikaridhika hapo. Tuliiondoa alama ya kumbukumbu na kuacha haya:

```
org.gradle.jvmargs=-Xmx2g -XX:MaxMetaspaceSize=512m
kotlin.daemon.jvmargs=-Xmx1g
org.gradle.workers.max=2
org.gradle.daemon.idletimeout=900000
```

Mstari wa kwanza unayawekea kikomo pia yale maelezo ya madarasa yaliyo nje ya ghala. Wa pili unakata ule urithi niliousema. Wa tatu unapunguza kazi zinazoendeshwa kwa wakati mmoja, kwa kuwa Gradle kwa kawaida huruhusu nyingi kama idadi ya vichakataji inavyovihesabu, na kila kazi inayoendelea hushikilia vitu vyake ghalani. Gharama yake ni muda, na mimi naona ni gharama ya haki. Wa nne unakifanya kitumishi kisicho na kazi kiondoke baada ya dakika 15 badala ya saa 3 za kawaida.

Sasa tufanye hesabu ya kipakatalishi chenyewe. Gradle kwa makadirio yangu ni gigabaiti 2.7, Kotlin 1.3, mfumo na eneo lake la kazi 1.5, na Studio 2.5. Jumla ni 8.0, nayo inaimaliza 8 yote bila kubakiza chochote. Nilimwambia kijana wazi kwamba toleo la mteja alijenge akiwa ameifunga Studio, kwa amri ya `./gradlew assembleRelease`. Kazi za kila siku hazifikii kilele hicho kwa sababu hatua ya R8 haimo, na zinaweza kwenda Studio ikiwa wazi.

Lakini ukiijenga kwa amri baada ya kutoka Studio, jihadhari na ujumbe unaosema `1 incompatible Daemon could not be reused`. Studio huja na Java yake, na dirisha la amri hufuata `JAVA_HOME`. Java zikitofautiana, au alama za `-Xmx` zikitofautiana, Gradle huanzisha kitumishi cha pili huku cha kwanza kikiendelea kukalia memori. Amri ya `./gradlew --stop` huvisimamisha, ila hugusa vya toleo lile lile la Gradle tu, hivyo mwenye miradi ya matoleo mbalimbali aangalie kwa `jps -lv`, ambayo huonyesha kila mchakato wa Java pamoja na `-Xmx` iliyopokelewa kweli. Amri hiyo pia humaliza ubishi wa «nimebadilisha lakini hakuna kilichobadilika». Mara nyingi mtu ameandika katika faili la mradi, ilhali faili la `~/.gradle/gradle.properties` lina mstari wa zamani, nalo ndilo linaloshinda. Wengine huweka `-Xmx` katika `GRADLE_OPTS`, na hiyo humfikia mjumbe mdogo anayepokea amri, haimfikii kitumishi.

Dada aliyeketi mbele ameuliza juu ya mashine ya gigabaiti 4. Dada yangu, hapo Studio na ujenzi haviwezi kukaa pamoja. Andika kwa kihariri chepesi, jenga kwa amri, na uweke `kotlin.compiler.execution.strategy=in-process` ili Kotlin ifanye kazi ndani ya kitumishi cha Gradle na mchakato mmoja upungue. Kisha mpe kitumishi hicho megabaiti 1536. Utapoteza ukusanyaji wa sehemu zilizobadilika tu, kwa hiyo kila badiliko la msimbo wa Kotlin litachukua muda mrefu zaidi. Toleo la majaribio litajengeka. Toleo la R8 la mradi kama ule wa Kongowea, uliohitaji megabaiti 1350 zilizo hai kabla ya kuongezewa Kotlin ndani yake, litakwama kwenye kikomo hicho, na ukikipandisha hadi gigabaiti 2 na nusu utahitaji kufunga kila kitu kingine, kivinjari kikiwamo, uangalie `free -h` wakati linajengwa.